Boga Ndani ya Wali

Simu ililia Rehnuma akiwa amesimama ndani ya basi la kwenda Whitechapel, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umebeba mfuko wa madaftari ya wanafunzi. Akaibana simu kwa bega. Sauti ya upande wa pili haikungoja hata salamu.

"Pillai, nani kaleta samaki hekaluni kwangu?"

Aliyempigia alikuwa Bi Sivagami, mwalimu mstaafu wa Kitamil kutoka Jaffna aliyehamia East Ham, London, zamani, wakati wa vita vya kwao. Huwaita wote walio wadogo kwake "pillai", kama sisi tunavyosema "mwanangu". Akikasirika hulitamka neno hilo polepole zaidi, na siku ile alilitamka polepole kabisa.

"Samaki gani, Anti?" Rehnuma aliuliza.

"Ukurasa wa mwisho. Nimeusoma hapa. Wamenirudishia kwa Kiingereza uliyoyaandika kwa Kibengali. Hekalu langu, siku ya karamu, watu wamefunga wasile nyama wala samaki, vyombo vimeoshwa mara mbili, halafu wewe unaniletea samaki! Tena umemfunika mchicha!"

Abiria aliyekuwa karibu akageuka kumtazama Rehnuma. Rehnuma akatabasamu, akashuka kituo kimoja kabla ya chake, maana alijua mazungumzo yale hayatakwisha ndani ya basi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na shirika dogo lililokuwa na chumba juu ya duka la manukato karibu na Edgware Road. Lilichapisha vitabu vya hadithi kwa shule za Jumamosi, zile ambako watoto wa London hupelekwa kujifunza lugha za wazazi wao. Msimamizi alikuwa Ummukulthum, mama wa Kipemba aliyewasomesha watoto wake watatu kwenye meza ileile aliyohariria vitabu. Wazo lake lilikuwa rahisi: hadithi za Wasomali wazisome watoto wa Kituruki, za Kituruki wazisome Wakongo, na za Watamil wazisome Wabengali. "Majirani wanaishi ukuta kwa ukuta," alipenda kusema, "lakini kila mmoja anadhani bibi wa mwenzake hakuwa na hadithi."

Tatizo ni kwamba hakumpata mtu anayejua Kitamil na Kibengali kwa pamoja. Kwa hiyo Bi Sivagami aliiandika hadithi yake kwa Kitamil, kisha akaandika Kiingereza chake, na Rehnuma akaitoa kwenye Kiingereza kile akaipeleka Kibengali. Halafu mwalimu mwingine wa Kibengali, ambaye hakuwahi kuiona hadithi ya asili, aliirudisha kwa Kiingereza ili Bi Sivagami aone kilichotoka upande wa pili. Njia ndefu, lakini ndiyo njia ya wenye kutaka kuaminiana.

Hadithi ilimhusu Muthan, mpishi wa hekalu, mtu wa majivuno na tumbo kubwa. Mchuzi ukiungua, husema meko yamekaa upande. Siku ya karamu anaiba boga kubwa lililoletwa na wanakijiji, ili alipeleke nyumbani kwake jioni. Mzee wa hekalu anapoingia ghafla kukagua, Muthan hana pa kulificha, analizika ndani ya kilima cha wali uliokwisha pikwa. Wageni wanaketi, majani ya migomba yanatandikwa, wali unapakuliwa. Upawa baada ya upawa, kilima kinashuka, na boga linaanza kuchungulia.

Rehnuma aliipenda tangu siku ya kwanza. Yeye alizaliwa Stepney kwa wazazi Wabengali waliotoka Sylhet, alifundisha Kibengali kila Jumamosi, na alikuwa na ugonjwa wa methali. Akisikia mpya huiandika mkononi kwa kalamu. Siku waliyokutana kwa mara ya kwanza na Bi Sivagami, bibi yule alimweleza methali ya Kitamil inayomsema Muthan na meko yake: asiyejua kucheza husema ukumbi umepinda. Rehnuma aliruka kutoka kitini. Kibengali nacho kinasema vivyo hivyo, asiyejua kucheza husema ua limepinda! Ummukulthum akaongeza kwamba kwao wanasema mchagua jembe si mkulima, lakini hakuna aliyemsikia, wale wawili walikuwa wameshikana mikono wakicheka kama watu waliogundua kuwa mama zao walisoma darasa moja.

Furaha ile ndiyo iliyomponza Rehnuma. Akadhani methali zote zitakuja mbio namna ile, ukiita tu.

Alipofika mwisho wa hadithi, penye boga kuchungulia, Kiingereza cha Bi Sivagami kilisema tu kwamba ukweli haufichiki. Rehnuma hakufikiri hata dakika. Mbengali yeyote akitaka kusema mtu anaficha kisichofichika, atasema anafunika samaki kwa mchicha. Shak diye machh dhaka. Samaki na wali ndiyo Mbengali mwenyewe, wao wenyewe husema hivyo. Akaiandika, akaipenda, akaituma.

Na sasa yuko kwenye kituo cha basi akisikiliza lawama.

"Anti," alisema, "ni methali tu. Hakuna samaki wa kweli. Kwenu mnasemaje kwa Kitamil, pale mwisho?"

Bi Sivagami alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto wake mwenyewe. "Tunasema, huwezi kuficha boga zima ndani ya wali."

Rehnuma alikaa chini kwenye benchi la kituo.

"Boga lenyewe ndiyo methali?"

"Hadithi yote ni methali hiyo, pillai! Bibi yangu aliichukua methali akaivika nguo, akaipa Muthan na tumbo. Nilipoandika kwa Kiingereza niliona haya. Nikasema Waingereza watashangaa, boga, wali, nini hiki? Nikaandika ukweli haufichiki."

Kwa hiyo ndivyo boga lilivyopotea njiani. Lilitoka Jaffna salama, likafika Kiingereza likaachwa stesheni, na Rehnuma akapokea mzigo bila kujua kuna kilichobaki nyuma.

Jumamosi ile Rehnuma aliamua kuwapelekea watoto kesi. Darasa lake lilikuwa chumba cha juu cha ukumbi wa jumuiya, viti vya plastiki, dirisha linalotazama soko. Watoto walikuwa wa miaka minane na tisa. Ukiwasemesha Kibengali wanaelewa, wakijibu wanajibu Kiingereza. Aliwasomea hadithi kwa sauti, akiwaonyesha picha ambazo mchoraji alikuwa amezimaliza tayari. Kwenye boga kuchungulia walicheka hadi mmoja akaanguka kitini.

Kwanza akawapa mwisho wa Kitamil, neno kwa neno kwa Kibengali: huwezi kuficha boga zima ndani ya wali. Kicheko kikakatika.

"Lakini ndiyo kilichotokea," alisema Tahiya, msichana aliyekaa mbele. "Kwa nini unatuambia tena?"

"Ni methali," Rehnuma alisema.

"Siyo. Nani anasema hivyo? Bibi yangu hasemi hivyo."

Wengine wakakubali kwamba bibi zao pia hawasemi hivyo. Basi akawapa mwisho wake, wa samaki na mchicha. Darasa likalipuka. Bibi husema! Mama husema! Mama humwambia baba! Mvulana mmoja akasema nyumbani kwao inasemwa kila mtu akikataa kuwa ndiye aliyemaliza biskuti. Rehnuma akajisikia mshindi, mpaka Tahiya akaivuta picha karibu na uso wake, akaikagua kona kwa kona.

"Samaki yuko wapi?"

"Hayupo. Ni msemo."

"Lakini hapa ni boga. Mbona mtu anaona boga, anasema samaki?"

Rehnuma alicheka, kisha akaacha kucheka. Mtoto alikuwa na haki. Methali ya boga ilikuwa kweli kwa picha, lakini maiti masikioni. Ya samaki ilikuwa hai masikioni, na uongo machoni. Na kitabu kilitakiwa kwa mchapaji katikati ya wiki.

Jumapili alipanda treni kwenda East Ham. Ummukulthum naye alikuja kutoka upande wake, akiwa na kompyuta mkononi na kashata kwenye mfuko, kwa sababu, alisema, ugomvi wa methali hauliwi mkavu. Bi Sivagami aliwafungulia mlango akiwa amefunga aproni juu ya sari. Hakuwaketisha sebuleni. Aliwapeleka moja kwa moja jikoni. Juu ya meza palikuwa na boga, jekundu, kubwa kama mto wa kulalia, na sufuria ya wali ukifuka moshi.

"Kabla hatujasema neno," alisema, "lifiche."

"Anti..."

"Lifiche, pillai. Nione."

Rehnuma alivua koti. Aliliweka boga kwenye sinia, akaanza kulifunika wali kwa mwiko. Wali ukateleza. Akaongeza, ukamwagika mezani. Akaupigapiga kwa viganja kama mtoto anayejenga kasri la mchanga, na kila alipofunika upande huu, upande wa pili ukatokeza shavu. Ummukulthum akaja kusaidia. Wanawake wawili wazima, mikono imejaa wali hadi vifundoni, na boga likiwatazama. Bi Sivagami alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

"Sasa umeelewa," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya sari. "Samaki kwenye mchicha anaweza kujificha kidogo. Samaki ni mdogo. Boga halifichiki hata kwa bahati! Muthan hakuwa mjanja aliyeshindwa. Alikuwa mjinga tangu mwanzo. Ndiyo maana tunamcheka na hatumchukii."

Rehnuma alijipangusa wali mikononi. Hilo hakuwa ameliona. Alidhani methali zile mbili ni pacha, kumbe mmoja amezidi mwenzake kimo.

Walikaa kula, maana Bi Sivagami hakukubali wali ule upotee. Walipokuwa wakila, Rehnuma akaona ni afadhali atoe jambo jingine lililokuwa likimkera, ingawa hakuna aliyelilalamikia. Katikati ya hadithi, mzee wa hekalu anamkumbusha Muthan kwamba alilelewa pale tangu alipokuwa yatima, na anamwambia methali ya Kitamil: mkumbuke aliyekupa chumvi maadamu ungali hai. Kibengali kina methali ya chumvi pia. Ninayemlia chumvi yake, ndiye ninayemwimbia sifa. Rehnuma alikuwa ameiweka hiyo.

"Na nimeipenda!" Bi Sivagami alisema. "Chumvi kwa chumvi. Hapo hukukosea."

"Hapo ndipo nilipokosea, Anti. Kwa Kibengali mara nyingi tunaisema kwa kebehi. Tunamsema mtu anayemsifu bosi wake kwa sababu bosi ndiye anayemlipa. Mtoto akienda nayo nyumbani, baba yake atacheka vibaya. Ataona mzee wako anamfundisha Muthan kujipendekeza."

Bi Sivagami aliacha kutafuna. "Kwa hiyo pale penye chumvi ileile, maana imeharibika. Na pale penye samaki badala ya boga, maana imekaa?"

"Ndivyo."

"Lugha ni wendawazimu," alisema bibi, kwa heshima.

"Kwa hiyo mnamwitaje mwenye kukumbuka wema?" Ummukulthum aliuliza. "Neno la kawaida?"

Rehnuma alifikiri. "Asiyekumbuka wema tunamwita nimokharam. Anayekumbuka, nimokhalal. Nimok ni chumvi."

Ummukulthum aliweka kijiko chini. "Subiri. Chumvi haramu na chumvi halali?"

"Ndiyo."

"Na mimi Mpemba nimekuelewa bila mkalimani!" Alipiga meza kwa kiganja. "Weka hiyo. Mzee amwambie, Muthan, uwe wa chumvi halali. Chumvi ya Anti imebaki, na kejeli imetoka."

Bi Sivagami alilirudia neno lile mara kadhaa, nimokhalal, akilionja ulimini kama anavyoonja mchuzi, kisha akatoa idhini yake kwa kutikisa kichwa upande huu na upande ule, kama wakubalivyo kwao.

Ikabaki boga. Ummukulthum akafungua kompyuta, akaweka picha ya ukurasa wa mwisho katikati ya meza, kati ya sahani. Kwa upande wake, alisema, hawezi kumlipa mchoraji achore upya, na hata angeweza, siku hazipo. Maandishi tu ndiyo yanaweza kubadilika, nayo lazima yaenee kwenye nafasi iliyopo, mistari mitatu, hakuna zaidi. Watoto wajifunze methali ambayo bibi zao wanaijua, vinginevyo shule hazitakinunua kitabu. Na boga haliondoki.

"Kwetu tungesema mficha maradhi kifo humuumbua," aliongeza, "lakini humpi mtoto wa miaka minane kifo wakati anacheka."

Rehnuma aliitazama picha. Kilima cha wali kimekatwa katikati, boga limetoka nusu, Muthan ameziba uso kwa upawa, wageni wamefungua vinywa. Nje ya lango la hekalu, barabarani, watu wamesimama kuchungulia. Miongoni mwao mwanamke mwenye tenga kichwani, amecheka hadi tenga limeinama.

"Huyu nani?" Rehnuma aliuliza.

Bi Sivagami alivaa miwani. "Huyo hayumo kwenye hadithi yangu."

Ummukulthum akampigia mchoraji, binti wa Kizanzibari aitwaye Miska, akaweka simu kwenye spika. "Miska mwanangu, yule mama mwenye tenga, ukurasa wa mwisho, ni nani?"

"Shikamoo, Bi Ummu. Yule? Sina hakika. Kona ilikuwa tupu, nikamweka mtu anayepita." Akacheka. "Kwani nimekosea?"

"Kwenye tenga kuna nini?"

"Sikuchora. Chochote mnachotaka."

Rehnuma alikuwa ameshasimama. "Anti, kijiji chenu kilikuwa karibu na bahari?"

"Jaffna yote iko karibu na bahari."

"Wauza samaki walipita njia ya hekalu?"

Bi Sivagami alimtazama, na Rehnuma aliona jibu likipanda usoni pake kabla halijafika mdomoni. "Walipita barabarani," alisema polepole. "Hawakuingia. Lakini walisimama langoni kuzungumza. Ulimi wao ulikuwa mkali kuliko kisu chao. Bibi yangu aliwaogopa, na aliwapenda."

"Basi huyu ndiye anayesema. Yuko nje, samaki wake hajaingia hekaluni. Lakini mwenye samaki ana haki ya kusema samaki." Rehnuma alichukua kalamu, na kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali, akaandika mkononi. Akafuta neno kwa kidole chenye mate, akaandika tena. Kisha akasoma kwa Kibengali: "Loke shak diye machh dhake, tumi bhat diye asto kumra dhakte gele!"

"Kwa lugha ya watu," alisema Ummukulthum.

"Watu hufunika samaki kwa mchicha, wewe umekwenda kufunika boga zima kwa wali!"

Bi Sivagami aliangalia picha, akaangalia mkono wa Rehnuma, akaangalia sinia lenye mabaki ya wali. Rehnuma alianza kuogopa.

"Amemzidi," hatimaye bibi alisema. "Mama huyu anasema, wezi wa kawaida wanafunika samaki, wewe Muthan umewapita kwa ujinga. Boga langu ni kubwa kuliko samaki wako."

"Ndiyo, Anti. Samaki wangu analibeba boga lako."

"Hata bibi yangu hakuwa na mwanamke huyu." Alivua miwani. "Nitamtia kwenye Kitamil pia. Alikuwepo siku zote, nadhani. Tulisahau tu kumpa neno."

Ummukulthum alihesabu herufi kwenye kompyuta, akatangaza kwamba imeenea mistari miwili na nusu, kisha akawakumbatia wote wawili kwa mpigo. Kashata zikaliwa. Bi Sivagami alimlazimisha Rehnuma kuchukua nusu ya boga aende nalo kwao, na Rehnuma akalipakata kwenye treni kama mtoto mchanga.

Kitabu kilizinduliwa mwisho wa muhula, kwenye maktaba ya mtaa. Zilikuja shule mbili, ya Watamil na ya Wabengali, na nyuma ya watoto zikaketi safu za mabibi, sari upande huu, mitandio upande ule, kila upande ukiuangalia mwingine kwa adabu na wasiwasi. Bi Sivagami alikaa mbele. Kibengali hakukijua hata neno, ila moja, nimokhalal, ambalo alikuwa amemsalimia nalo mkutubi mlangoni.

Tahiya ndiye aliyechaguliwa kusoma. Alisoma kwa sauti ya juu na haraka mno. Alipofika kwenye chumvi, mabibi wa Kibengali walitikisa vichwa kwa kuridhika. Alipofika penye kilima cha wali akapunguza mwendo mwenyewe, bila kuambiwa, upawa baada ya upawa. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akamnyooshea kidole mama mwenye tenga, akaanza, "Loke shak diye..."

Hakuweza kuendelea peke yake. Safu nzima ya mabibi ilimpokea neno mdomoni, "...machh dhake!" wakaimaliza kwa pamoja, kama wimbo wa harusi, huku wakigongana viwiko. Wakadhani imekwisha. Mmoja alishaanza kukunja mtandio wake. Tahiya akangoja, mjanja yule, akavuta pumzi, kisha akawatupia boga.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Watoto waligeuka kuwatazama bibi zao, maana hawakuwahi kuwaona wakicheka namna ile mbele ya watu. Mabibi wa Kitamil hawakuelewa maneno, lakini waliiona picha, waliliona boga, nao wakacheka boga lao. Bibi mmoja wa Kibengali akamwegemea bibi wa Kitamil asiyemjua, akampiga pajani, wakaendelea.

Rehnuma aliinama nyuma ya kiti cha Bi Sivagami. "Umeridhika, Anti?"

Bi Sivagami hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza kile kicheko mpaka kilipoanza kupungua.

"Pillai," alisema, "hapo hapo ndipo watu wa kwetu walipokuwa wakicheka. Hawajakosea hata neno moja mbele wala nyuma."